Kranberi Huzuia, Haitibu

Katika supamaketi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi siku hizi utakuta chupa ya juisi nyekundu yenye picha ya tunda dogo la mviringo, na katika maduka makubwa ya dawa utakuta makopo ya vidonge vya tunda hilohilo. Ni kranberi, tunda la maeneo ya baridi ya Amerika Kaskazini. Wengi wanaoinunua huku kwetu hawainunui kwa kiu. Wananunua kwa sababu mkojo unawachoma, au uliwachoma mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake, na kuna mtu amewaambia kuwa juisi hii ni dawa ya UTI.

Hapo kwenye "dawa ya UTI" ndipo mambo yanapoharibika. Kranberi ina kazi yake, na ushahidi wa kazi hiyo ni mzuri kuliko madaktari wengi walivyodhani miaka kumi na tano iliyopita. Lakini kazi yenyewe ni kupunguza uwezekano wa maambukizi yajayo. Kwa maambukizi ambayo tayari yapo, yanayokuchoma leo, hakuna utafiti wa kutegemewa ulioonyesha kwamba yanaondoka kwa juisi wala kwa kidonge chake. Mama anayekunywa chupa mbili kwa siku huku homa inapanda na kiuno kinamuuma anapoteza muda ambao figo zake hazina.

Tuanze na kujua nani hasa ana UTI inayorudi. Madaktari hutumia kipimo rahisi: mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita, au mara tatu au zaidi ndani ya mwaka, na angalau baadhi ya mara hizo ziwe zimethibitishwa kwa kuotesha mkojo maabara. Sharti hilo la mwisho ni zito kwetu, kwa sababu wanawake wengi wanaoambiwa wana "UTI sugu" hawajawahi hata mara moja kuoteshwa mkojo. Wamepimwa kwa darubini, zikaonekana chembechembe za usaha, wakaandikiwa sindano. Chembechembe za usaha hutokea pia mtu akiwa na kisonono, klamidia au ugonjwa mwingine wa ukeni, na hata pale ute wa ukeni unapochanganyika na mkojo kwenye kichupa. Ukiona uchafu usio wa kawaida ukeni, muwasho au harufu, huku huendi haja ndogo mara nyingi kuliko kawaida, yamkini tatizo haliko kwenye kibofu. Na kwa aliyekulia Unguja, Pemba, mwambao au kando ya Ziwa Viktoria, mkojo wenye damu na maumivu unaweza kuwa kichocho, ambacho hutibiwa kwa prazikwanteli. Si kranberi wala antibayotiki itakayokigusa.

Sasa tumwangalie mdudu mwenyewe. Sehemu kubwa ya maambukizi ya kibofu kwa wanawake husababishwa na bakteria aitwaye E. koli, ambaye makazi yake ya kawaida ni utumbo mpana. Kutoka njia ya haja kubwa hadi tundu la mkojo la mwanamke ni mwendo mfupi, na mrija wenyewe wa mkojo una urefu wa sentimita nne hivi tu. Akishafika kwenye kibofu ana tatizo moja kubwa: kila baada ya saa chache kibofu kinamwagwa, na kila kisichoshika kinatoka. Kwa hiyo E. koli wa aina hii ana vinyweleo vidogo mno vyenye ncha za kunasa, naye hung'ang'ania ukuta wa kibofu kama mbegu za kishonanguo zinavyong'ang'ania suruali ya aliyepita shambani. Akishanasa ndipo anapozaliana, ukuta unavimba, na mkojo unaanza kuchoma.

Kwa miaka mingi watu walidhani kranberi inafanya kazi kwa kuuongezea mkojo asidi. Wazo hilo lilianza mwanzoni mwa karne ya 20 na likadumu, ingawa kiasi cha juisi ambacho kingehitajika kuubadilisha mkojo kiasi hicho ni kingi mno kwa mtu wa kawaida. Mwaka 1984 Anthony Sobota, mtafiti wa Ohio huko Marekani, alionyesha jambo jingine: juisi ya kranberi, na hata mkojo wa watu walioinywa, ulipunguza uwezo wa E. koli kunata kwenye seli. Haukumuua. Ulimzuia kushika. Baadaye ikajulikana kuwa kemikali inayohusika zaidi ni kundi liitwalo proanthosayanidini, ambalo kwenye makopo huandikwa kwa kifupi PAC. Zabibu, chai na kakao nazo zina PAC, ila muungano wa molekuli zake ni wa aina B. Za kranberi ni za aina A, na ndizo zilizoonyesha uwezo wa kuzuia kunata. Kwa hiyo si kila juisi nyekundu ni ndugu ya kranberi.

Ukiielewa kazi hiyo ya kuzuia kunata, mipaka yake unaiona mwenyewe. Bakteria ambaye hajashika anaweza kuzuiwa. Aliyekwisha kunasa na kuzaliana ukutani hang'olewi. Na kwa kuwa athari yake kwenye mkojo hupungua ndani ya siku moja, anayetaka kinga anatakiwa aitumie kila siku, si siku anapojisikia vibaya.

Je, kwa watu halisi kinga hiyo imeonekana? Historia ya ushahidi wake ina mabonde na milima, na inafaa kuijua kwa sababu utakutana na daktari atakayekuambia "ilishathibitishwa haifanyi kazi". Hakosei, amebaki tu mwaka 2012. Mwaka huo taasisi ya Kokreni, ambayo hukusanya tafiti zote za jambo moja na kuzipima kwa pamoja, ilichambua tafiti 24 na kuhitimisha kwamba kranberi haikupunguza UTI kwa kiwango cha kuaminika. Tafiti nyingi zilikuwa na tatizo moja: watu waliacha kunywa juisi katikati ya safari. Ni kali, na kunywa glasi kila siku kwa miezi ni kazi. Nyingine zilitumia vidonge ambavyo kiasi chake cha PAC hakikujulikana.

Mwaka 2023 Kokreni wakarudia kazi hiyo, safari hii wakiwa na tafiti 50 zenye watu 8,857, na jibu likabadilika. Kwa wanawake wenye UTI inayorudi, bidhaa za kranberi zilipunguza hatari ya kupata UTI iliyothibitishwa maabara kwa takriban asilimia 26. Kwa watoto wanaosumbuliwa na tatizo hilo upungufu ulikuwa zaidi ya nusu. Lakini kwa wazee wanaoishi kwenye nyumba za kutunzwa, kwa wajawazito, na kwa watu ambao kibofu chao hakimwagi mkojo wote kwa sababu ya matatizo ya neva, faida haikuonekana.

Asilimia 26 ina maana gani nyumbani? Chukua wanawake kumi ambao bila kinga yoyote wangeugua tena ndani ya kipindi fulani. Wakitumia kranberi, saba au wanane kati yao bado wataugua. Wawili au watatu wataepuka. Kwa anayeugua mara tano kwa mwaka, kuepuka hata mara moja ni nafuu ya kweli, lakini anayetarajia UTI ikome kabisa atakata tamaa mapema. Tena baadhi ya tafiti hizi ziligharimiwa na wauzaji wa kranberi wenyewe. Ule mkubwa wa mwaka 2016 wa wanawake 373, uliotoa matokeo mazuri, ulilipiwa na kampuni ya Ocean Spray. Hilo halifanyi matokeo kuwa ya uongo, ila ni sababu ya kutoyakuza.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2011, kwa sababu uliuliza swali ambalo mgonjwa mwenyewe hujiuliza: nitumie kranberi, au nimeze antibayotiki kidogo kila siku? Wanawake 221 ambao hawajakoma hedhi, na ambao mwaka uliotangulia walikuwa wameugua angalau mara tatu, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilimeza septrini miligramu 480 kila usiku, na jingine kidonge cha kranberi cha miligramu 500 asubuhi na jioni, kwa mwaka mzima. Hakuna aliyejua anameza nini.

Septrini ilishinda, na ilishinda waziwazi. Waliomeza septrini waliugua kwa wastani mara 1.8 katika mwaka huo, na waliomeza kranberi mara 4. Ukisimamia hapo utasema kranberi imeshindwa, ingawa wakosoaji wameonyesha kuwa vidonge vile vilikuwa na PAC kidogo, karibu miligramu 9 kwa siku. Lakini watafiti waliangalia pia bakteria waliobaki kwenye miili ya wanawake hao. Baada ya mwezi mmoja tu, E. koli waliopatikana kwenye kinyesi cha waliomeza septrini walikuwa sugu kwa septrini kwa asilimia 86. Kwa waliomeza kranberi ilikuwa asilimia 24 hivi. Yaani mwanamke wa kundi la kwanza alipata mwaka wenye nafuu, lakini siku akiugua, dawa ile ilikuwa na nafasi ndogo ya kumfaa. Miezi mitatu baada ya kuacha, kiwango cha usugu kilirudi kilipokuwa, na hiyo ni habari njema inayosahaulika.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mradi wa HATUA, uliofuatilia wagonjwa wenye dalili za UTI katika Kenya, Tanzania na Uganda, ulikuta bakteria wenye usugu kwa dawa za makundi kadhaa wameenea. Dawa za bei nafuu zinazojulikana na kila mtu, kama septrini na ampisilini, mara nyingi hazifui dafu tena. Kwa hiyo kinga isiyotengeneza usugu, hata kama ni dhaifu, ina thamani yake hapa kuliko Amsterdam.

Sasa rudi kwenye rafu, geuza ile chupa usome maandishi madogo ya nyuma. Chupa nyingi zinazouzwa kama kinywaji cha kranberi zina maji, sukari, na juisi yenyewe ya takriban robo tu. Juisi halisi isiyotiwa sukari ni chachu mno, wengi hawaiwezi. Kwa mwenye kisukari, glasi ya kinywaji hicho kila siku ni sukari nyingi kwa faida ndogo, na ningemshauri achague kidonge. Kwenye kopo la vidonge, usidanganyike na namba kubwa ya mbele inayosema miligramu 500 au hata 25,000 za tunda. Tafuta PAC. Kiasi kilichotumika katika tafiti nyingi na kinachopendekezwa na watengenezaji makini ni miligramu 36 za PAC kwa siku. Kopo lisilotaja PAC kabisa halikuambii unachonunua. Na kama unatumia wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, zungumza na daktari wako kabla ya kuanza, kwa maana kuna taarifa za damu kuwa nyepesi kupita kiasi kwa waliochanganya. Aliyewahi kuwa na mawe ya figo naye aulize kwanza.

Watu wachache sana wataweza kununua kopo kama hilo kila mwezi, na hilo linanileta kwenye mitishamba mingine. Kila nyumba ina lake: nywele za mahindi zilizochemshwa, rosela, maji ya shayiri, majani ya mlonge. Tafiti za binadamu zenye kulinganisha vizuri juu ya vitu hivi kama kinga ya UTI hazitoshi kumwambia mtu avitegemee. Kuua bakteria kwenye kisahani cha maabara ni jambo jepesi. Vitunguu saumu hufanya hivyo, na siki pia. Lakini katika vinywaji vyote hivi kuna kimoja chenye ushahidi mzuri, nacho ni maji yaliyomo ndani yake. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Bulgaria, wa wanawake 140 waliokuwa wakiugua mara kwa mara na kunywa chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu ya maji kila siku kwa mwaka. Waliongezewa waliugua kwa wastani mara 1.7, wenzao mara 3.2. Kwa mwanamke anayeuza sokoni kutwa na kujizuia kunywa kwa sababu choo kiko mbali, huu ni ushauri mgumu kuufuata, lakini haumgharimu kopo la bei. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo aliyeambiwa apunguze maji asiufuate bila kuuliza.

Kuna pia sukari ya unga iitwayo D-manosi, iliyosifiwa sana kwa sababu kwenye maabara huziba zile ncha za kunasia za bakteria. Ilipojaribiwa Uingereza kwa wanawake 598, gramu 2 kila siku kwa miezi sita, matokeo yaliyotoka mwaka 2024 yalionyesha kuwa waliotumia na waliopewa unga wa kawaida waliugua karibu sawa: asilimia 51 na 56. Sioni sababu ya mtu kuinunua.

Lililobaki ni la kutia ndani ukeni: ndimu, punje ya kitunguu saumu, maji ya chumvi, sabuni za manukato. Haya nayapinga moja kwa moja. Uke una bakteria wake wema wanaozuia E. koli asijenge makazi mlangoni mwa mrija wa mkojo, na vitu hivi huwachoma na kuwaondoa. Dawa za kuua mbegu za kiume zinazopakwa kwa ajili ya uzazi wa mpango hufanya vivyo hivyo, na anayezitumia huku akiugua kila mara abadili njia.

Mitishamba inayodai kutibu

Mpaka hapa tumezungumzia kinga. Swali la pili ni kama kuna mtishamba unaoweza kuchukua nafasi ya antibayotiki siku ambayo mkojo unachoma. Jaribio la kueleweka zaidi ni la Ujerumani, lililochapishwa mwaka 2021, la majani ya mmea wa nchi za baridi uitwao uva ursi. Wanawake 398 wenye maambukizi ya kibofu yasiyo na utata walipewa ama vidonge vya uva ursi kwa siku tano, ama fosfomaisini, antibayotiki ya unga inayonywewa mara moja. Katika kundi la mtishamba matumizi ya antibayotiki yalipungua kwa zaidi ya asilimia 60, maana wengi walipona bila kuihitaji. Lakini waliteseka zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na waliopatwa na maambukizi ya figo walikuwa wanane, dhidi ya wawili wa kundi la antibayotiki.

Isitoshe, kinachofanya kazi ndani ya uva ursi ni abutini, ambayo mwilini hugeuka kuwa haidrokwinoni. Wasomaji wa Tanzania wanaijua haidrokwinoni kwenye mikorogo ya ngozi iliyopigwa marufuku. Ndiyo maana Ujerumani kwenyewe huelekezwa isitumike zaidi ya wiki moja kwa wakati, wala zaidi ya mara tano kwa mwaka, na wajawazito wasiiguse.

Utafiti mwingine wa Ujerumani, wa mwaka 2015, unaeleza kwa nini karibu kila mtishamba una shahidi wake mtaani. Wanawake 494 walipewa ama fosfomaisini ama ibuprofeni, dawa ya kawaida ya maumivu isiyoua bakteria. Takriban theluthi mbili ya waliomeza ibuprofeni walipona bila antibayotiki yoyote. Mwili wenyewe uliyamaliza maambukizi ya kibofu. Kwa hiyo jirani anayekuambia alikunywa nywele za mahindi siku nne akapona hasemi uongo; wengi wangepona hata bila hizo. Theluthi moja iliyobaki ndiyo yenye hatari, na siku ya kwanza hakuna anayejua yuko kundi gani.

Ni lini antibayotiki haisubiri

Kuna wagonjwa ambao kwao mtishamba wala subira si chaguo. Wa kwanza ni mwenye homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya mgongoni chini ya mbavu, upande mmoja au yote miwili. Dalili hizo zinaonyesha maambukizi yamepanda kwenye figo, na anatakiwa afike kituo cha afya siku hiyohiyo. Wa pili ni mjamzito. Kwake hata bakteria wasio na dalili, wakithibitishwa kwa kuotesha mkojo, hutibiwa, kwa sababu wana uwezekano mkubwa wa kupanda kwenye figo. Kisha kuna mwanamume yeyote, mtoto mdogo, mwenye mpira wa mkojo, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, na mwenye figo zenye kasoro. Hao wote UTI yao si ya kuchezea nyumbani.

Mwanamke mzima asiye mjamzito, mwenye kuchomwa na mkojo na kwenda haja mara kwa mara bila homa, ana nafasi ya kusubiri siku moja au mbili akinywa maji na dawa ya maumivu, kama amekubaliana hivyo na anayemtibu. Saa 48 zikipita bila nafuu, au hali ikizidi kabla ya hapo, atumie antibayotiki. Hakuna ubaya wowote kuitumia tangu siku ya kwanza ikiwa dalili ni kali. Ubaya ni kutumia isiyofaa, au nusu ya inayofaa.

Kwa upande mwingine, mtu asiye na dalili yoyote, asiye mjamzito, aliyekutwa na bakteria kwenye mkojo wakati wa kupimwa jambo jingine, kwa kawaida hatakiwi kutibiwa. Kumtibu hakumzuii kuugua baadaye, na kunamwachia bakteria sugu.

Tuchukue mfano wa dada wa miaka 31, muuza nguo Mbagala, ili tuone hatua zinavyofuatana. Katika miezi minane amechomwa na mkojo mara tatu, kila mara siku moja au mbili baada ya kukutana na mume wake. Kila mara alikwenda dukani akasema, "Dokta, nipe ile dawa ya siku zile," akauziwa vidonge sita vya sipro, akameza vinne, akapata nafuu, akaweka viwili kwa safari ijayo. Mara ya mwisho alichomwa sindano tano za seftriaksoni. Sasa dalili zimerudi mara ya nne, hana homa wala maumivu ya mgongo.

Jambo la kwanza si kumeza chochote kabla ya kutoa mkojo wa kuotesha. Ananawa kwa maji, anaanza kukojoa chooni, na katikati ya mkondo ndipo anapokinga kwenye kichupa safi cha maabara. Kichupa kifike maabara ndani ya saa mbili au kiwekwe kwenye friji, la sivyo bakteria wachache wataongezeka humo na jibu litadanganya. Baada ya hapo anaweza kuanza dawa bila kungoja majibu. Chaguo la kwanza la kibofu peke yake ni nitrofurantoini kwa siku tano, kwa kuwa hujikusanya kwenye mkojo na E. koli wengi bado hawajaizoea. Kwa sababu hiyohiyo haifai kwa figo: haifiki kwa wingi kwenye nyama ya figo. Aimeze pamoja na chakula, amalize siku zote tano. Magadi ambayo watu hunywa kutuliza mchomo ayaache, kwa sababu mkojo ukipungua asidi dawa hii hupungua nguvu.

Siku ya pili au ya tatu majibu yanatoka. Tuseme yanaonyesha E. koli sugu kwa ampisilini, septrini na sipro, lakini anayesikia nitrofurantoini na fosfomaisini. Karatasi hiyo aitunze pamoja na kadi zake. Ukitokea mlipuko mwingine usiku wa sikukuu, ndiyo itakayomwongoza mganga yeyote atakayemkuta zamu, na ndiyo inayoeleza kwa nini sipro ilikuwa ikimpa nafuu ya wiki mbili tu.

Dalili zikiisha ndipo kinga inapoanza. Anaongeza maji hadi mkojo uwe na rangi hafifu kutwa nzima. Anakojoa baada ya tendo la ndoa, jambo ambalo ushahidi wake si mkubwa lakini halina madhara. Kama anamudu, anaanza kidonge cha kranberi chenye PAC miligramu 36 kwa siku, na anaandika kwenye kalenda ya ukutani kila siku anapopata dalili. Kama hamudu, anaendelea na maji bila kujilaumu. Angekuwa amekoma hedhi, ningemwelekeza kwanza kwenye krimu ya homoni ya estrojeni inayowekwa ukeni, kabla ya kranberi yoyote. Utafiti wa mwaka 1993 wa wanawake 93 ulikuta waliotumia krimu hiyo waliugua kwa wastani mara 0.5 kwa mwaka, na waliotumia krimu tupu mara 5.9. Ni tofauti ambayo hakuna tunda lililoikaribia.

Baada ya miezi sita anarudi na kalenda yake. Akiwa ameugua mara moja au hajaugua kabisa, anaweza kuendelea, au kuacha na kuangalia. Akiwa ameugua mara tatu tena, kranberi haimfai na pesa yake isiendelee kwenda huko. Kwa kuwa kwake kila mlipuko unafuata tendo la ndoa, daktari anaweza kumpa dozi moja ya antibayotiki ya kumeza baada ya tendo badala ya kila usiku, ikichaguliwa kwa kufuata ile karatasi ya maabara, au methenamini, dawa ya kuua vijidudu kwenye mkojo ambayo mwaka 2022 utafiti wa Uingereza wa wanawake 240 uliona inakaribia antibayotiki ya kila siku kwa kuzuia. Na kama mkojo utaoteshwa tena siku anapochomwa na hakuna bakteria anayeota, huo ndio wakati wa kuacha kutafuta UTI na kuanza kupima kichocho, magonjwa ya zinaa na kibofu chenyewe.